Voisi au duara? Mjomba, mikorosho na dakika moja ya video

Julai mwaka jana mjomba wangu alinitumia voisi ya dakika 4 na sekunde 12 kutoka kijijini, Newala. Ilinikuta kibandani kwangu hapa Mtwara mjini, nimefungua simu ya mteja, bisibisi mkono mmoja, kibano mkono wa pili. Nikaigusa kwa kidole kidogo, nikaiacha iongee juu ya meza huku naendelea na kazi. Sekunde kama arobaini za mwanzo zilikuwa salamu: za watoto, za kazi, za mama, za joto la huku pwani. Halafu ikaja habari yenyewe.

"Mjomba, ile mikorosho ya upande wa bondeni imekuwa kama imemwagiwa unga. Sijui ndiyo ubwiriunga, sijui ni vumbi tu la salfa ya jirani. Jirani juzi kapuliza, na upepo ulikuwa unakuja kwetu."

Mimi ni fundi simu, mkorosho naujua kwa kula korosho. Nikaipeleka voisi ileile kwa rafiki yangu ambaye ni afisa ugani. Akaisikiliza yote, akanijibu kwa neno moja: "Nione."

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu wateja huniuliza sana siku hizi, hasa vijana waliogundua ile video fupi ya duara ya WhatsApp na Telegram na sasa wanaituma kwa kila jambo: kuna faida gani kutuma duara badala ya voisi? Wengine wanaona ni mapambo tu. Si mapambo, ila pia si mbadala wa voisi. Ni vyombo viwili vinavyomdai mpokeaji vitu tofauti. Voisi inaomba sikio, inakuachia macho na mikono. Duara linataka macho, na likishayachukua macho, kazi uliyokuwa unafanya inasimama. Siku ile mjomba angeanza kwa kunitumia duara, ningeliweka kando mpaka jioni.

Uzito wa kila kimoja

Voisi tumeizoea tangu WhatsApp ilipoileta Agosti 2013. Ukichungulia kwenye folda zake utakuta faili zenye majina kama `PTT-20240712-WA0003.opus`. Hizo herufi PTT zimetokana na utaratibu wa redio koli: unabonyeza ndipo unaongea, ukiachia umemaliza. Duara lilianzia Telegram, Mei 2017, na WhatsApp wakalifuata Julai 2023. Kote kuwili duara moja lina mwisho wa sekunde 60. Voisi unaweza kuongea mpaka koo likauke.

Hiyo `.opus` mwishoni mwa jina ni namna ya kubana sauti, na inaibana vizuri ajabu. Sauti ya mtu anayeongea inaweza kupita kwenye kilobiti kama 16 kwa sekunde na ikaeleweka bila shida. Dakika nzima inakuwa na KB 120 hivi. Duara lina picha juu ya sauti, na picha ndiyo inayokula. Telegram ya Android, kwa mfano, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma: duara ni mraba wa pikseli 384 kwa 384, na picha peke yake hutengewa kilobiti kama 1,000 kwa sekunde. Kwa dakika moja hiyo ni MB 7 na nusu. Programu nyingine hubana zaidi, lakini hata ikibana nusu, bado duara la dakika moja ni zito kuliko voisi ya dakika moja mara thelathini na kuendelea.

Mjini tofauti hiyo unaweza usiione. Kijijini kwa mjomba, mtandao ukishuka hadi kilobiti 100 kwa sekunde, jambo ambalo jioni ni la kawaida, voisi ya dakika moja inapanda kwa sekunde kumi hivi. Duara la MB 7 na nusu, kwa mtandao huohuo, linahitaji dakika kumi, na hapo ni kama mtandao haukukatika katikati. Ndiyo maana unakuta mtu wa kule amepanda kwenye kichuguu ameinua simu juu, anasubiri kile kimshale cha duara kizunguke mpaka kiishe. Halafu bando nalo linahesabu, la kwake na la kwako.

Kwangu mimi hesabu hiyo inakuja na sura nyingine: simu zilizojaa. Mteja anakuja, "Fundi, simu imekuwa nzito, haipigi hata picha." Kwenye Android nafungua `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/` na kuangalia folda moja moja. Voisi elfu moja za dakika moja moja ni kama MB 120, ambazo hazimuumizi mtu. Maduara elfu moja ya uzito ule wa juu yangekuwa zaidi ya GB 7, na kuna watu wamo kwenye magrupu ya familia ambako maduara elfu ni habari ya miezi michache. Kabla hujaja kwa fundi, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utaona kila maongezi yamekula kiasi gani. Kwa kawaida lile grupu linaloongoza mwenyewe unalijua kabla hujatazama.

"Nione"

Turudi kwa mjomba. Nilimpigia nikamwelekeza: chukua duara, sio video ya kawaida, maana ile ungeniletea ya dakika tano na isingefika. Akatuma. Duara la kwanza lilikuwa paji la uso wake, kidevu, na kwa nyuma tawi la mkorosho limeungua kwa mwanga. Alisahau kwamba duara huanza na kamera ya mbele, ile ya kujipiga mwenyewe, na jua lilikuwa mgongoni kwake. Kamera ya simu huchagua kiwango kimoja cha mwanga kwa picha nzima. Ikiwa nyuma kuna anga jeupe, ama uso unakuwa mweusi kama mkaa, ama majani yote yanageuka meupe. Na sisi tulichokuwa tunakitafuta ni weupe kwenye majani. Duara hilo lingemdanganya hata mtaalamu.

La pili alifanya tulivyomwambia: kwanza ageuze kamera iwe ya nyuma, asimame jua likiwa mgongoni mwake na kumulika mti, alifunge duara ili asilazimike kushikilia kitufe kwa kidole gumba, kisha atembee taratibu kuuzunguka mti, aanze chini kwenye nyasi, apande kwenye majani ya zamani, amalizie kwenye machipukizi na maua. Sekunde 47.

Afisa ugani alilitazama mara mbili. Hakuwa anatazama ule unga wenyewe, alikuwa anatazama ulipokaa. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, na ukungu huo hupenda sehemu changa za mkorosho: majani machanga, mashada ya maua, vijikorosho vinavyoanza. Jani lililokomaa huliacha. Vumbi halichagui hivyo. Vumbi lililoletwa na upepo hutua juu ya jani changa na kongwe, juu ya nyasi, juu ya shina, tena zaidi upande ule upepo ulikotokea. Kwenye duara la mjomba nyasi zilikuwa safi, majani makongwe safi, na machipukizi yalikuwa meupe pande zote za mti, za bondeni na za nyumbani sawasawa. Vumbi la jirani likaondolewa mashtaka.

Ona jambo hilo vizuri, kwa maana ndipo thamani ya duara ilipo. Mjomba asingeweza kuyasema hayo kwenye voisi, si kwa kukosa maneno, bali kwa sababu hakujua kwamba nyasi zina habari. Anayesimulia kwa mdomo husimulia kile anachodhani ni muhimu. Kamera ikizungushwa huchukua hata kile ambacho mwenyewe hakukiona. Kwa hiyo pale ambapo anayeuliza hajui cha kusema, na anayejibu ndiye anayejua cha kutazama, duara linaishinda voisi hata iwe ndefu kiasi gani.

Lakini likagota hapohapo. Afisa ugani alitaka pia kujua kama kwenye vijiti vya maua kuna vidonda vyeusi, kwa sababu mbu wa korosho naye huwa anaumiza machipukizi wakati huohuo, na dawa ya ukungu haimgusi mdudu. Duara halikuonyesha kitu. Piga hesabu: kama tawi linaloonekana kwenye duara lina upana wa mita moja, na mita hiyo imegawanywa kwa pikseli 384, kila pikseli inabeba zaidi ya milimita mbili na nusu. Kidonda cha milimita tatu kinakuwa nukta moja, na nukta hiyo inamezwa na ubanaji. Tena duara ni mraba uliokatwa pembe: zaidi ya sehemu moja ya tano ya picha haionekani, na kile ulichotaka kuonyesha kikiwa pembeni kimeondoka nacho.

Hapo tukamwambia apige picha ya kawaida, moja, kwa karibu, kijiti cha ua kikiwa kimelala juu ya kiganja chake. Picha ya WhatsApp hata baada ya kubanwa hubaki na zaidi ya pikseli elfu moja kwa upande, na haitikisiki kama mkono unaotembea. Vijiti vilikuwa visafi. Ni ukungu peke yake.

Majibu yakaja kwa voisi. Dakika 1 na sekunde 50, afisa ugani akimweleza mjomba namna ya kupuliza salfa, dawa ya ukungu huo: atoke alfajiri wakati umande bado uko kwenye majani na upepo haujaamka, aanzie upande gani, asirudie siku inayofuata kwa pupa. Angeweza kujirekodi duara, lakini uso wake ungesaidia nini? Mjomba aliisikiliza mara tatu, mara ya mwisho shambani kabisa, simu mfukoni, huku akijaza salfa kwenye mashine. Vipimo na tarehe ya kurudia ndivyo nilivyomwomba afisa ugani aviandike kwa maneno. Namba ndani ya voisi ni kama sarafu ndani ya gunia la unga: ipo, lakini utaitafuta mpaka uchoke, na huwezi kuandika "salfa" kwenye kisanduku cha kutafutia ukaletewa sekunde aliyoitaja.

Upepo wa kusi na urefu wa mkono

Kuna kasoro ya duara ambayo watu wengi huilaumu kwa simu yao. Wanasema sauti ya duara ni mbovu kuliko ya voisi. Mara nyingi si simu, ni mkono.

Ukirekodi voisi, simu iko karibu na mdomo, tuseme sentimita 10. Ukirekodi duara, unanyoosha mkono ili uso uenee, simu inakwenda sentimita 50. Umbali umeongezeka mara tano, na nguvu ya sauti yako inayofika kwenye maikrofoni imepungua mara ishirini na tano. Upepo haukusogea. Bodaboda hazikusogea. Mama lishe anayegonga sufuria hakusogea. Kelele imebaki palepale, wewe ndiye uliyeondoka.

Simama pale feri ya Msangamkuu mwezi wa Julai au Agosti, kusi likiwa linavuma, ujaribu vyote viwili. Kwenye voisi, ukiupa upepo mgongo na kuikinga simu kwa kiganja, maneno yanasikika. Kwenye duara mpokeaji anaona midomo inacheza na anasikia kama mtu anachana turubai. Ukilazimika kutuma duara mahali kama hapo, tumia kamera ya nyuma uonyeshe boti au mzigo, kisha maelezo uyatume kwa voisi ukiwa umejificha nyuma ya ukuta. Au uvae zile waya za masikioni zenye maikrofoni, ambayo inakaa karibu na kidevu hata mkono ukinyooka. Mimi huuza, kwa hiyo usiniamini sana hapo.

Uso una kazi yake

Yapo maongezi ambayo hayana nyasi wala machipukizi, kuna uso tu. Bibi yangu akiambiwa mjukuu aliye Dar alikuwa anaumwa na sasa amepona, haridhiki na sauti. Anataka amwone macho, amwone kama amekonda. Duara la sekunde kumi linamtosha kuliko voisi ya dakika tatu ya kumhakikishia.

Ila sekunde 60 kwa salamu za Kusini ni mtihani. Shangazi yangu wa Lindi akirekodi duara, shikamoo zinapokelewa, watu wa nyumbani wanaulizwa mmoja mmoja kwa jina, na anapofika "sasa mwanangu nilichokupigia…" duara linajikata. La pili linaanza upya na salamu. Kwa watu wa namna yake, na ninawapenda hivyohivyo, voisi ndiyo chombo: inamwacha amalize. Mimi msikilizaji nikiwa na haraka naweza kuipandisha kasi. Ile ya mjomba ya dakika 4 na sekunde 12, kwa kasi ya moja na nusu, inaisha kwa dakika 2 na sekunde 48. Usimwambie tu kwamba ulifanya hivyo.

Stara nayo imo. Voisi unaituma ukiwa umejifunga kanga, nywele hazijasukwa, nyumba haijafagiwa. Duara linaingiza wageni ndani. Nimeona ugomvi umezuka kwa sababu mume alijibu kwa duara akiwa sebuleni, na nyuma yake mkewe alikuwa anapita bila mtandio. Likafika kwenye grupu la kazini. Kabla ya kurekodi, geuka utazame ukuta ulio nyuma yako. Na kwenye msiba, sioni kama duara lina adabu. Pole inasemwa kwa sauti, au unakwenda mwenyewe ukakae mkekani. Uso wako ukijizungusha kwenye simu ya mfiwa unamlazimisha akutazame wewe.

Kwa asiyesikia, mambo yanageuka. Nina mteja fundi seremala, anatumia lugha ya alama, na kwake voisi ni faili tupu. Duara lingekuwa lake kabisa kama si umbo lake. Lugha ya alama inatumia uso na mikono yote miwili, na mikono hushuka mpaka karibu na kiuno, kutanuka mpaka nje ya mabega. Chini kabisa ya duara, mahali mikono inaposhuka, ndipo palipobanwa zaidi. Halafu mkono mmoja umeshika simu, kwa hiyo anaongea nusu. Alichofanya ni kuifunga rekodi, kuiegemeza simu kwenye kopo la rangi juu ya meza yake ya randa, na kurudi nyuma hatua moja na nusu mpaka viwiko viingie. Kwa neno la haraka anatuma duara hivyo. Kwa maongezi marefu anarudi kwenye video ya kawaida, yenye pembe zake nne, na ana haki.

Kuna matumizi mengine ambayo nawasihi wateja wayajue, kwa sababu simu zilizotekwa huishia mezani kwangu. Akaunti ya ndugu ikiibiwa, mwizi anaandika: "Nimekwama, nitumie hela kwa namba hii." Kabla ya kutuma, omba duara. Kwenye programu zenyewe duara hurekodiwa palepale, halichaguliwi kutoka kwenye picha za zamani, kwa hiyo mwizi inabidi aonyeshe uso. Tena mwambie aseme jambo la leo, tuseme jina la mtu mliyekuwa naye asubuhi. Si kinga ya moja kwa moja: duara la zamani linaweza kusambazwa upya, na zipo programu za kuchezea ambazo zinaruhusu kupenyeza video yoyote. Lakini mwizi wa kawaida akiombwa duara hukasirika, akasema kamera mbovu, akapotea. Voisi haikupi kinga hiyo, maana za ndugu yako zikiwa bado zipo kwenye akaunti aliyoiteka, anachagua tu.

Novemba mjomba alinitumia duara lingine. Sekunde tatu za kwanza ni pua yake, kama kawaida, ndipo akakumbuka kugeuza kamera. Korosho zilikuwa zimeanikwa kwenye mkeka, nyingi, alitaka nimwonyeshe afisa ugani kama zimekauka vya kutosha kupelekwa ghalani. Afisa ugani alilitazama, akasema rangi haimwambii kitu kwa jua lile. Kisha mwishoni kabisa mjomba akachota korosho kiganjani akazitikisa, zikalia kochokocho, kavu.

"Basi zimekauka," akasema afisa ugani. "Hiyo angetuma voisi tu."